Noti mbili zikipita kwenye ampu iliyozidiwa: majibu ya maswali yenu

"Kinanda cha kwaya nikibonyeza noti moja kiko poa kabisa, nikibonyeza mbili kinakwaruza vibaya. Kinanda kimekufa?" (Uyole, Mbeya)

Hapana, kinanda kizima, angalia kwanza ampu na gein ya mikisa. Ampu nzuri ukiiingizia sauti inaikuza jinsi ilivyo, ila ikizidiwa inaanza kupinda wimbi, na hapo zile noti mbili hazipiti tena kila moja kivyake, zinazidishana. Kumbuka ile ya sekondari, (a + b)² = a² + 2ab + b². a² na b² ndizo harmoniki, kila noti inazaa oktavu yake mwenyewe. Ila ile 2ab ya katikati ndo noma, inatoa sauti mpya mbili, moja ni jumla ya noti zako na nyingine ni tofauti yake, na wimbi la kila moja ni kubwa mara mbili ya lile la oktavu. Ukibonyeza noti moja hakuna b, kwa hiyo hakuna 2ab, ndo maana unasikia iko safi. Hiyo ndo intamodulesheni.

"Sasa mbona harmoniki hazikeri hivyo? Si zote ni distoshoni tu?" (Mafinga)

Zote ni distoshoni ndiyo, ila tofauti ni mahali zinapoangukia. Tuseme kwaya iko do = C, umebonyeza do ya 523.3 Hz na mi ya 659.3 Hz. Oktavu ya do ni 1046.5, nayo ni do vilevile, na kinanda chenyewe au koo la mtu tayari lina hiyo harmoniki ndani yake, kwa hiyo sikio linasikia tu do iliyochangamka kidogo, halioni mgeni.

Sasa 659.3 toa 523.3 unapata 136. Hiyo sio noti yoyote ya kwaya! Do ya chini ya besi ni 130.8, kwa hiyo besi wakiimba do yao kwenye ampu hiyohiyo kuna 136 pembeni yake inapigana nayo, mara 5 hivi kwa sekunde, unasikia wowowowo ya kuchafua chini kote. Na ampu inayokata wimbi juu na chini sawasawa inaleta zaidi ile ya kuzidisha mara tatu, do ikiingia mara mbili na mi mara moja, yaani do mara mbili toa mi, unapata 387, na so iko 392, tena mpigano wa mara 5. Hapo ni noti mbili tu, sasa weka kwaya nzima ya soprano mpaka besi uone kila jozi inazaa watoto wake, inakuwa tope.

Halafu kuna hili ambalo mi naliona ndo zito kuliko yote: sauti kubwa inafunika ndogo zilizo juu yake kirahisi, lakini zilizo chini yake haizifuniki vizuri. Harmoniki zote ziko juu, zinajificha. 136 iko chini, imekaa wazi.

Jaribu do na so pekee kwenye ampu hiyohiyo, 784 toa 523.3 ni 260.7, na do ya kati ni 261.6, karibu kabisa. Ndo maana wapiga gitaa wa distoshoni wanapenda do na so bila mi.

"Nikikata kwa ekwalaiza inatoka?" (Iringa mjini)

Haitoki, 387 imekaa katikati ya sauti za watu, ukiikata umekata na sauti ya tena. Shusha gein pale taa nyekundu inapowaka. Kama ampu haijafika kukata wimbi, ukishusha desibeli 3 tu ule uchafu wa mara tatu unashuka 9. Ukiweza pia tenga besi kwenye ampu yake.

"Nitajuaje ni ampu na sio masikio yangu?" (Tukuyu)

Swali zuri sana hili, maana sikio lenyewe nalo likipigwa sauti kubwa linazaa hizi noti. Chukua simu yenye programu ya kutoa toni, weka 5000 Hz na 5300 Hz kwa sauti ya wastani, usiache muda mrefu utaunguza twita. Kwanza zipitishe zote mbili kwenye chaneli moja ya ampu, spika moja, sikiliza kama kuna mvumo wa chini, 300 hivi. Halafu tenganisha, moja kushoto nyingine kulia, kila moja na spika yake. Mvumo ukipotea basi ni ampu au spika. Ukibaki vilevile, ni sikio lako, na hapo usimlipe fundi.