Taarifa Baada ya Warsha ya Sumukuvu: Namna ya Kuandika Pendekezo Linalotekelezeka

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika taarifa za majumuisho baada ya warsha za maafisa ugani katika Mkoa wa Dodoma, nyingi zikihusu udhibiti wa sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Kazi hiyo imenipa msimamo mmoja ambao napenda kumweleza kila mwenzangu anayeteuliwa kuwa katibu wa warsha. Pendekezo lolote litakaloandikwa mwishoni mwa taarifa linapaswa kuanzia kwenye swali mahususi ambalo washiriki walilikosa, au kwenye kikwazo ambacho wao wenyewe walikiandika, na si kwenye hisia ya jumla kwamba mafunzo yalikwenda vizuri. Taarifa isiyojengwa hivyo huambatishwa kwenye marejesho ya masurufu na kufungiwa kwenye jalada, kwa sababu haimpi mkuu wa idara jambo lolote la kuamua.

Naieleza hoja hii kupitia sumukuvu kwa kuwa huku kwetu matokeo ya mafunzo duni yanajulikana. Mwaka 2016 ugonjwa ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara miongoni mwa kaya zilizokula mahindi yaliyochafuliwa na sumu hiyo, na kati ya wagonjwa 68 walioripotiwa, 20 walifariki. Sumu hiyo haiondolewi na moto wa kupikia ugali, kwa hiyo kinga inapaswa kufanyika shambani, kwenye ukaushaji na kwenye uhifadhi, hatua ambazo bwana shamba au bibi shamba wa kata ndiye anayezisimamia karibu na mkulima. Aidha, mvua zetu ni za msimu mmoja na mavuno ya mahindi huanza kuingia kuanzia mwezi wa tano. Taarifa ya warsha ya mwezi wa tatu ikikamilika mwezi wa sita, mahindi yatakuwa yameshaingia ghalani na mapendekezo yote yatasubiri mwaka mwingine.

Jambo la kwanza ninalolifanya ni kusoma matokeo ya jaribio la awali na jaribio la mwisho swali kwa swali. Washiriki hawaandiki majina, bali kila mmoja hupewa namba anayoitumia kwenye karatasi zote mbili, ili nilinganishe majibu ya mtu yuleyule kabla na baada ya mafunzo. Tuchukue mfano wa warsha ya washiriki 24 ambapo wastani wa darasa umepanda kutoka asilimia 48 hadi asilimia 77. Katibu mwenye haraka ataandika kwamba uelewa umeongezeka kwa kiwango kikubwa, na hatakuwa amesema uongo. Lakini akifungua karatasi anaweza kukuta kwamba swali la 6 lilijibiwa sawasawa na washiriki 9 kabla ya mafunzo na 10 baada yake. Wastani umelifunika swali hilo, na huenda ndilo lililobeba hatari kubwa kuliko mengine yote.

Tuseme swali lenyewe lilikuwa hili: mkulima ameweka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, ametikisa, amesubiri kwa dakika chache na kuona chumvi haikunata kwenye kioo, je, mahindi hayo yako tayari kuhifadhiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa? Walio wengi wamejibu ndiyo. Jibu hilo halitoshelezi, kwa sababu kipimo cha chumvi hutambua unyevu unaozidi takribani asilimia 15, ilhali kiwango cha juu kinachokubalika kwa mahindi makavu katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 14.5 yanaweza kupita kwenye chupa bila chumvi kunata na bado yakawa hayajafikia kiwango. Tena mfuko usiopitisha hewa haukaushi nafaka. Unyevu ulioingia nao hubaki humo. Afisa ugani anayeondoka warshani na imani hiyo atamwambia mkulima kwamba mahindi yake ni salama, na mkulima atamwamini kwa sababu ametoka mafunzoni.

Baada ya kuliona swali la namna hiyo, katibu aulize kwa nini halikueleweka, na jibu alitafute kwenye kumbukumbu za siku husika badala ya kulikisia. Ndiyo maana huwaomba wanakumbukumbu wa vikundi wanipe maandishi yao kila jioni kabla ya kuondoka, na bango kitita la kila kipindi hulipiga picha kabla halijachanwa. Katika mfano wetu, kumbukumbu zingeweza kuonyesha kwamba zoezi la vitendo lilifanywa kwa chupa na chumvi pekee, kwamba kipima unyevu kilikuwa kimoja na kilishikwa na mwezeshaji mwenyewe, na kwamba hakuna kikundi kilichopima sampuli moja kwa njia zote mbili ili kuona tofauti. Hilo ndilo funzo linalostahili kuandikwa: zoezi lilifundisha kipimo bila kufundisha mipaka yake. Sentensi hiyo moja ina manufaa kwa mwezeshaji wa warsha ijayo kuliko aya nzima inayosema kwamba mbinu shirikishi zilitumika.

Kwenye fomu za maoni ya washiriki naomba tuwe waangalifu zaidi. Alama za kuridhika, zile za kuchagua kuanzia 1 hadi 5, karibu kila mara huja juu. Washiriki ni watu wa adabu, wamepokelewa vizuri, na wengi wao wangependa kualikwa tena. Donald Kirkpatrick, ambaye mwaka 1959 aliandika makala zilizoanzisha utaratibu wa kupima mafunzo kwa ngazi nne, aliiweka ngazi ya maoni ya washiriki mwanzo kabisa, kisha ujifunzaji, kisha mabadiliko ya utendaji kazini, na mwisho matokeo. Taarifa inayoishia kusema kwamba washiriki wengi waliridhika imepima ngazi ya kwanza tu. Mimi huzitaja alama hizo kwa sentensi moja, kisha nguvu yangu naielekeza kwenye swali moja la wazi ambalo nalihimiza liwepo kwenye kila fomu: ni jambo gani kati ya tuliyojifunza hutaweza kulifanya ukirudi kituoni, na kwa sababu gani?

Majibu ya swali hilo ndiyo mgodi wa taarifa. Katika warsha moja, bwana shamba mmoja mtu mzima alinikabidhi fomu yake na kuniambia, “Dada, mimi kazi naijua, lakini kipima unyevu kiko makao makuu ya wilaya na mkulima anavuna kwangu huku.” Wengine huandika kwamba wakulima huvuna mahindi yakiwa bado mabichi kwa kuhofia mifugo kuingia shambani, au kwamba turubai za kuanikia hazipo na mahindi humwagwa juu ya udongo. Majibu haya nayapanga kwa chanzo. Kuna kikwazo cha maarifa, yaani mshiriki hajui; kuna kikwazo cha vifaa, yaani anajua lakini hana nyenzo; na kuna kikwazo cha mamlaka, yaani anajua na ana nyenzo, lakini jambo lenyewe linahitaji uamuzi wa mtu mwingine, kama vile serikali ya kijiji kusimamia tarehe za mifugo kuingia mashambani baada ya mavuno.

Upangaji huu ndio unaookoa mapendekezo yasiwe yale ya kila mwaka. Pendekezo la kutoa mafunzo zaidi linatibu kikwazo cha kwanza tu. Bwana shamba niliyemtaja hata angeitwa warshani kila robo mwaka, asingeweza kupima unyevu bila kifaa, na fedha hizo za posho na ukumbi zingeweza kununua kifaa chenyewe. Ninapokuta maoni mengi yameangukia kwenye vifaa au mamlaka, huandika waziwazi kwamba mafunzo ya ziada kuhusu eneo hilo hayapendekezwi kwa sasa. Wapo wanaoona sentensi hiyo ni kali, hasa kama mwandaaji wa warsha ndiye atakayeisoma, lakini nimeshuhudia wakuu wa divisheni wakiishika kwanza, kwa sababu inawasaidia kupanga fedha kidogo walizonazo.

Pendekezo lenyewe liandikwe kwa namna ambayo mtu asiyehudhuria warsha anaweza kulitekeleza. Kusema kwamba Halmashauri iwezeshe upatikanaji wa vipima unyevu hakumtumi mtu yeyote kazini. Kwa mfano wetu ningeandika hivi: “Mkuu wa Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi agawe vipima unyevu vilivyopo makao makuu ili kila tarafa iwe na kimoja kabla ya tarehe 30 Aprili, kitunzwe na afisa ugani atakayeteuliwa kwa barua, na kila matumizi yaandikwe kwenye daftari likionyesha tarehe, kijiji na kipimo kilichosomwa.” Hapo kuna mhusika kwa cheo chake, kuna tarehe inayotangulia mavuno, na kuna daftari ambalo mtu anaweza kulifungua na kuona kama jambo limefanyika. Pendekezo hilo pia halihitaji fedha mpya. Lile linalohitaji ununuzi hulitenga, nikaeleza kwamba linaingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai au linasubiri unaofuata, kwa sababu kulichanganya na yale yanayowezekana mara moja huyachelewesha yote.

Kwa pengo la swali la 6, pendekezo lingekuwa dogo zaidi: mwezeshaji aandae maelezo ya ukurasa mmoja yanayosema kwamba chumvi ikinata mahindi yarudishwe juani, na isiponata bado yapimwe kwa kifaa kabla ya kufungwa kwenye mfuko, kisha maelezo hayo yatumwe kwa washiriki wote 24 ndani ya wiki moja. Sioni sababu ya kuwaita tena Kibaigwa au mjini Dodoma kwa jambo ambalo karatasi moja na kikao cha kawaida cha mwezi vinaweza kulisahihisha.

Kuhusu umbo la taarifa sina mengi. Hotuba ya mgeni rasmi, ratiba na orodha ya mahudhurio viende kwenye viambatisho. Kurasa mbili za mwanzo zibebe mafunzo yaliyopatikana, vikwazo kwa vyanzo vyake na mapendekezo, na juu yake liwekwe dokezo sabili la ukurasa mmoja lenye maamuzi yanayoombwa tu. Rasimu nzuri ni ile inayofika kwa wawezeshaji ndani ya siku tano za kazi, wakati bado wanakumbuka nani alisema nini, ili wakosoe kabla haijasainiwa.

Mwishoni mwa jedwali la mapendekezo huacha safu moja wazi, na tarehe ya kuijaza huiandika mapema, kwa kawaida wiki ya pili ya mwezi wa saba, mavuno mengi yanapokuwa yamekwishaingia ghalani. Siku hiyo natembelea kata chache, nafungua madaftari ya vipima unyevu na kuwaomba maafisa ugani wapime sampuli mbele yangu. Ninachokikuta nakijaza kwenye safu hiyo kwa kalamu, nakala moja inarudi kwa Mkuu wa Divisheni, na nyingine nampa mwezeshaji atakayeandaa warsha ya msimu unaofuata.