Uchafu ukeni unaorudi baada ya dawa ya fangasi: ni fangasi, bakteria au trikomonasi?

"Naombeni msaada. Nilikuwa natokwa na uchafu ukeni na kuwashwa, nikatumia dawa ya fangasi ya kuweka ukeni. Muwasho ulipungua kidogo, ila uchafu umerudi na sasa una harufu. Mmoja ananiambia ni bakteria, mwingine anasema ni trikomonasi na mume wangu atibiwe pia. Nitajuaje ni kipi?"

Dada, mimi ni mtu wa maabara. Sampuli za ukeni nazisoma karibu kila siku ya kazi, na maelezo kama yako nayaona yameandikwa kwenye fomu za wagonjwa mara nyingi mno. Hiyo harufu uliyoitaja ndiyo ningeanza nayo. Fangasi peke yake haitoi harufu mbaya. Mtu mwenye fangasi analalamika kuwashwa, kuungua anapokojoa mkojo ukigusa ngozi iliyochubuka, na maumivu wakati wa tendo. Harufu ikiingia, kuna kitu kingine, kiwe peke yake au pamoja na fangasi.

Ili uelewe kwa nini dawa moja inafanya kazi kwa hili na haigusi lile, anza na hali ya kawaida ya uke. Ndani kuna bakteria wazuri wanaoitwa laktobasili. Hawa wanatengeneza asidi. Asidi hupimwa kwa pH, namba inayoshuka asidi ikizidi, na asidi hiyo huiweka pH ya uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kwenye takriban 3.8 hadi 4.5. Kandida, ambayo ndiyo fangasi yenyewe, haisumbuliwi na asidi hiyo. Huota humo humo, hasa mwanamke akiwa mjamzito, akiwa na kisukari kisichodhibitiwa, kinga ikishuka, au baada ya kumeza antibayotiki. Kwa hiyo mwenye fangasi tu, pH yake kwa kawaida inabaki ileile, na ute wake ni mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyoganda, umeng'ang'ania kwenye kuta za uke. Midomo ya nje inakuwa myekundu, wakati mwingine imevimba na kupasuka vijistari.

Lile wanaloliita bakteria, kitaalamu vajinosisi ya bakteria, si habari ya mdudu mmoja aliyeingia kutoka nje. Laktobasili wanapungua, na nafasi yao inachukuliwa na kundi la bakteria wanaoishi bila oksijeni, Gardnerela akiwa mmoja wao. Asidi inapungua, pH inapanda juu ya 4.5, na bakteria hao wanatoa kemikali zenye shombo ya samaki. Ute unakuwa mwepesi, wa kijivu au mweupe uliofifia, umetandaa sawasawa kama umepakwa. Harufu huzidi baada ya tendo kwa sababu shahawa si asidi, nazo zinazifungua kemikali hizo zikaruka hewani. Muwasho ni kidogo au haupo kabisa, na wanawake wengi hawana dalili yoyote. Kuosha uke kwa ndani, iwe kwa sabuni au kwa dawa za kunukia, kunahusishwa na tatizo hili. Bahati mbaya ndilo jambo la kwanza mtu analolifanya akisikia harufu.

Trikomonasi ni kiumbe cha seli moja chenye vimkia vya kuogelea, na huambukizwa kwa kujamiiana. Ute wake unatajwa kuwa wa njano au kijani, mwingi, wenye mapovu, wenye harufu, pamoja na muwasho na maumivu. Hiyo ndiyo picha ya vitabuni, na hapa ndipo watu wanapopotea. Wengi wenye trikomonasi hawana mapovu wala kijani, na wengine hawana dalili hata moja. pH yake nayo hupanda kama ya bakteria, mara nyingi zaidi ya 5. Ndiyo maana sikushauri uamue kwa kuangalia rangi kwenye nguo ya ndani.

Nikuoneshe inavyokwenda kwa mgonjwa mmoja niliyesoma sampuli yake, maana anafanana nawe. Alikuwa ameshatumia vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, akapata nafuu, kisha ute ukarudi wa njano hafifu wenye harufu. Fomu ilikuja imeandikwa "fangasi sugu". Muuguzi alichukua ute kwa pamba kutoka ukuta wa pembeni wa uke. Hilo ni muhimu, kwa sababu ute wa mlango wa kizazi, damu na shahawa vyote vinapandisha pH na kudanganya. Karatasi ya pH ilisoma 5.5. Hapo tayari fangasi kama sababu pekee ilikuwa haiwezekani sana.

Nikaweka ute kwenye vioo viwili. Kimoja nilikitilia tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kingine tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Hicho cha pili, ukikinusa mara tu tone linapoingia, shombo ikilipuka ni dalili ya bakteria, ingawa trikomonasi pia anaweza kuitoa. Kisha dawa hiyo huyeyusha seli za mwili na kuziacha nyuzi za fangasi zionekane wazi. Kwake shombo ilikuwepo, nyuzi hazikuwepo.

Kioo cha maji ya chumvi ndicho kilichotoa jibu. Zilikuwepo chembe nyeupe za damu nyingi, na katikati yake vijidudu vyenye umbo la tone, vikubwa kama chembe hizo, vikitetemeka na kurukaruka huku na kule. Huyo ndiye trikomonasi, na anatambulika kwa mwendo wake. Sampuli ikikaa mezani ikapoa, anasimama, na akisimama anafanana na chembe nyeupe ya kawaida. Kioo hicho lazima kisomwe ndani ya dakika chache. Hata kikisomwa vizuri, darubini inaweza kuwakosa kati ya theluthi na nusu ya wenye maambukizi. Jibu la "hakuna trikomonasi" lililotoka kwenye darubini pekee halimalizi mjadala kama dalili zipo. Pakiwa na kipimo cha vinasaba, omba hicho.

Angekuwa na bakteria tu, ningeona kitu tofauti: seli za ukuta wa uke zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani, na chembe nyeupe chache. Daktari anahitaji mambo matatu kati ya manne ili aseme ni vajinosisi ya bakteria, yaani ute mwepesi uliotandaa sawasawa, pH juu ya 4.5, shombo baada ya tone la potasiamu haidroksaidi, na seli hizo zilizofunikwa.

Jambo lingine kuhusu majibu ya maabara. Ukiandikiwa "kandida imeonekana", usikimbilie dawa kama huwashwi. Mwanamke mmoja hadi wawili kati ya kumi wanaishi na kandida ukeni bila ugonjwa wowote, na kuiona tu si sababu ya kutibu.

Sasa dawa. Fangasi isiyo kali hutibiwa kwa klotrimazoli ya kuweka ukeni, kwa mfano miligramu 500 usiku mmoja au 100 kwa usiku 7, au kwa kumeza flukonazoli miligramu 150 mara moja. Mjamzito hatumii flukonazoli ya kumeza, anapewa ya kuweka ukeni kwa siku 7. Mume hatibiwi, isipokuwa kama naye ana muwasho na vipele kwenye kichwa cha uume.

Bakteria na trikomonasi hutibiwa kwa dawa ileile, metronidazoli. Kwa mwanamke ni miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Dozi ya mara moja ya gramu 2 bado inatolewa sehemu nyingi kwa trikomonasi, lakini kwa wanawake dozi ya siku 7 imeonekana kuponya vizuri zaidi. Kwa bakteria ipo pia metronidazoli ya jeli au klindamaisini ya krimu ya kuweka ukeni, lakini hizo za kupaka hazimtoshi trikomonasi, kwa sababu anajificha pia kwenye mrija wa mkojo na tezi za jirani ambako dawa ya kupaka haifiki vya kutosha.

Utauliza, kama dawa ni moja, kuna haja gani ya kutofautisha? Tofauti iko kwa mumeo. Ikiwa ni trikomonasi, lazima atibiwe wakati mmoja nawe hata kama hana dalili, na wanaume wengi hawana. Msikutane mpaka wote mmemaliza dawa, dalili zimeisha, na wiki moja imepita. Yule mgonjwa wangu mwenzi wake alipewa dozi siku ileile. Wewe upimwe tena ndani ya miezi 3, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida sana. Upimwe pia kaswende, kisonono, klamidia na VVU, maana njia ya kuyapata ni moja. Wala usianze kumtuhumu mtu kwa jibu hilo, kwani trikomonasi anaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujulikana aliingia lini.

Kwa bakteria, kwa muda mrefu tuliambiwa mume hahitaji dawa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia ambamo wanaume walipewa metronidazoli ya kumeza na klindamaisini ya kupaka uumeni kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, tatizo liliwarudia wanawake 35 kati ya kila 100 ambao wenzi wao walitibiwa, na 63 kati ya 100 ambao wenzi wao hawakutibiwa. Kama lako litathibitishwa kuwa ni bakteria na linarudi kila mara, muulize daktari kuhusu hilo.

Ukiwa katikati ya metronidazoli au umeimaliza, kisha ukaanza kuwashwa upya na ute mweupe mzito usio na harufu, usidhani dawa imeshindwa. Mara nyingi hiyo ni fangasi iliyopata nafasi, na inatibiwa kama fangasi. Ila ukipata homa, maumivu ya chini ya tumbo, au damu isiyo ya hedhi, hilo ni jambo jingine na ni la kuonwa siku hiyohiyo.

Kesho ukienda kupima, usioshe ndani, usikutane na mumeo usiku wa kuamkia siku hiyo, na usiweke dawa yoyote ukeni. Ukiwa hedhini, subiri iishe. Mwambie anayekupima dawa uliyotumia na lini uliimaliza, na uombe kioo kisomwe hapohapo ukiwa bado upo.