Pale Nusu ya Nusu Isipokuwa Robo: Vigezo vya Usambazaji kwa Wanaoanza

Wanaoanza kazi katika maabara za saketi hapa Nairobi hukosea mahali pamoja, nami nilikosea papo hapo. Wanapewa hatua mbili zinazofanana za kupunguza volteji, wanapima kila moja ikiwa peke yake na kuona kwamba inatoa nusu, kisha wanaandika kwamba zikiunganishwa zitatoa robo. Zinatoa moja ya tano, na kuelewa tofauti hiyo ndiko kuelewa kwa nini tunazidisha matriksi.

Chukueni rezista nne za 100 Ω, zile zenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia zinazouzwa katika maduka ya barabara ya Luthuli. Kila hatua ina rezista moja iliyolala kwenye waya wa juu, na baada yake nyingine inayoshuka hadi waya wa chini. Vigezo vya usambazaji hueleza volteji na mkondo wa mlango wa kuingilia kwa kutumia vile vya mlango wa kutokea:

```
V1 = A·V2 + B·I2
I1 = C·V2 + D·I2
```

Mkondo I2 hapa huhesabiwa ukiwa unatoka, kwa sababu mkondo unaotoka hatua ya kwanza ndio uleule unaoingia hatua ya pili, na ni usawa huo unaoturuhusu kuzidisha. Baadhi ya vitabu huchora I2 ikiingia, kisha huweka alama ya kutoa mbele ya B na D. Angalieni mchoro kabla ya kunakili fomula yoyote.

Vigezo hivyo vinne tunavipanga katika matriksi [A B; C D]. Rezista iliyolala ina matriksi [1 100; 0 1], na inayoshuka ina [1 0; 0.01 1]. Tukizidisha kwa mpangilio huo, kutoka upande wa chanzo kwenda upande wa mzigo, tunapata hatua moja, kisha hatua mbili:

```
[2 100; 0.01 1] · [2 100; 0.01 1] = [5 300; 0.03 2]
```

Itazameni ile A. Haikutokana na 2 × 2 peke yake, ambayo ingetupa 4 na ile robo. Imeongezewa 100 × 0.01, yaani B ya hatua ya kwanza mara C ya hatua ya pili. Hiyo 1 iliyoongezeka ni volteji inayopotea katika hatua ya kwanza kwa sababu hatua ya pili inavuta mkondo kutoka kwake, mkondo ambao haukuwepo mlipoipima ikiwa peke yake.

Sasa tuunganishe mzigo wa 100 Ω na jenereta ya mawimbi yenye ukinzani wa ndani wa 50 Ω na volteji ya wazi ya 4.2 V. Kwa kuwa I2 = V2/100, V1 inakuwa 5·V2 + 3·V2 = 8·V2, na I1 inakuwa 0.03·V2 + 0.02·V2 = 0.05·V2. Chanzo hulazimika kutoa V1 pamoja na kile kinachobaki ndani ya ukinzani wake, yaani 8·V2 + 50 × 0.05·V2, ambayo ni 10.5·V2. Basi V2 ni 0.4 V, V1 ni 3.2 V, na I1 ni miliampea 20. Jenereta nyingi zikipangwa kwa mzigo wa 50 Ω huonyesha nusu ya volteji ya wazi, kwa hiyo kiooni mtasoma 2.1 V.

Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilikuwa nimezidisha kuanzia upande wa mzigo. Nilipata [2 300; 0.03 5], na hesabu ikanipa 0.467 V ilhali mita ilisoma karibu 0.4 V. Nilidhani ni kasoro ya rezista, ingawa zilikuwa za asilimia 5 na pengo lilikuwa karibu asilimia 17. Kilichonipotosha zaidi ni kwamba nilikuwa nimekagua determinanti na kuikuta 1, kama inavyopaswa kuwa kwa saketi yoyote ya rezista, koili na kapasita pekee. Mpangilio ukigeuzwa katika saketi ya aina hiyo, A na D hubadilishana nafasi tu, na determinanti haiguswi. Ukaguzi huo hunasa kosa la kuzidisha, lakini haunasi kosa la mpangilio.

Linalonasa mpangilio ni kuondoa mzigo na kuihesabu A kwa mkono, kwa kuwa A ni V1 gawanya kwa V2 pale mlango wa kutokea ulipo wazi. Katika saketi yetu, rezista inayoshuka ya hatua ya kwanza imekaa sambamba na 200 Ω za hatua ya pili, jumla 66.7 Ω, volteji hapo ni 66.7/166.7 ya V1, yaani 0.4, na hatua ya pili inaigawanya nusu kuwa 0.2. Kwa hiyo A ni 5, na matriksi yenye 2 mahali pake imeandikwa kinyume.