Kabla laptopu ya ofisi haijauzwa, fungua vilivyofungwa kwenye ubao

Watu wengi wa tehama wakiambiwa waandae laptopu iuzwe au apewe mtu mwingine wanachomeka fleshi, wanapiga Windows upya, basi kazi imeisha. Sasa shida ni kwamba kuna vitu vitatu havikai kwenye diski, vinakaa kwenye ubao wenyewe: paswedi za BIOS, funguo za Secure Boot ambazo kampuni iliweka zake, na chipu ya TPM inayotunza funguo za siri. Piga Windows hata kila siku, hivyo vitabaki palepale.

Nachukulia mfano wa ThinkPad T480 maana ofisi nyingi ziko nayo, mashine nyingine menyu zinatofautiana majina tu.

Cha kwanza kabisa hakikisha paswedi ya adimini wa BIOS, ile Lenovo wanaita Supervisor Password, mtu anaijua na umeijaribu ikakubali. Hii ndo naisisitiza kuliko zote kwasababu ikipotea Lenovo wenyewe wanasema ubao ubadilishwe, na kurudisha mipangilio ya kiwandani haiifuti. Aliyenunua atawasha na kutumia vizuri tu mpaka siku anataka kubadilisha kitu ndani ndo anakutana na mlango, na hapo wewe ushahama kampuni na aliyeiweka hapatikani.

Kabla hujagusa chipu, toa mafaili yanayotakiwa na uangalie kwa PowerShell ya adimini kama diski imefungwa na BitLocker:

```
manage-bde -status C:
```

Kama imefungwa, kwa kawaida ufunguo wake unalindwa na TPM, kwahiyo ukifuta chipu mashine ikiwaka itadai ile namba ndefu ya tarakimu 48. Kama mafaili bado yanahitajika na namba haipo, yameenda hayo. Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii: kufuta TPM hakufuti data. Ile namba ya tarakimu 48 kama iko kwenye akaunti ya kampuni bado inafungua diski ileile, kwahiyo diski nayo lazima ifutwe yenyewe, TPM haikufanyii hiyo kazi.

Ukishatoa mafaili na kufuta diski, zima kabisa, usifanye ristati tu, maana kwenye baadhi ya ThinkPad mstari wa kufuta chipu hauonekani mpaka mashine izimwe kweli. Washa, bonyeza F1, ingia kwa paswedi ya adimini, nenda Security.

Anza na Secure Boot, chagua Restore Factory Keys. Kama kampuni ilikuwa na funguo zake, fleshi ya Windows ya kawaida inaweza kukataliwa, unaambiwa saini sio halali, na hapo muuzaji huwa anazima Secure Boot ili mambo yaende. Mimi sikubaliani na hiyo, unampa mteja mashine yenye ulinzi umezimwa na wala hajui. Rudisha funguo za kiwandani, acha iwe imewashwa. Kama ilikuwa Linux yenye madereva ya kampuni kuna orodha nyingine ya funguo pembeni inaitwa MOK, hiyo ifute kabla hujafuta diski kwa `sudo mokutil --reset`, kisha ikijiwasha upya kwenye skrini ya bluu uthibitishe Reset MOK.

Halafu Security Chip, Clear Security Chip, kubali. Paswedi ziwe mwisho: ya diski kama ipo, ya kuwashia, ya adimini. Unaandika ya zamani, sehemu ya mpya unaacha tupu, Enter. Ya diski usiisahau, maana hiyo inaifuata diski hata ukiihamishia mashine nyingine. Hifadhi kwa F10.

Sasa piga Windows ukaguwe kwa PowerShell ya adimini:

```
Confirm-SecureBootUEFI
Get-Tpm
```

Ya kwanza ijibu True. Ya pili ukiona TpmOwned ni True usishtuke, Windows mpya huwa inaichukua chipu yenyewe ikimaliza kuwaka.

Na wakati wa kusetia hiyo Windows iunganishe na mtandao, usiruke hiyo hatua. Ikikuletea jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, basi bado imesajiliwa Autopilot, huduma ya Microsoft inayoitambua mashine kuwa ni ya kampuni, na hilo haliondoki kwa kufuta TPM wala kubadilisha diski kwasababu usajili uko kwenye seva za Microsoft. Adimini wa kampuni ndo anaingia Intune, anafuta kifaa, kisha anafuta na usajili wa Autopilot kwa kutafuta serial number iliyoandikwa chini ya mashine. Sio lazima iondoke papohapo, kwahiyo ipe muda, pitia tena usetiaji ukiwa na mtandao, na mashine isitoke mezani mpaka ikuulize kama inavyomuuliza mtu wa kawaida.