Kuchoronga kiwanja kabla ya msingi: maswali na majibu

*Nataka kujenga ghorofa moja juu, nyumba ya mita 10 kwa 12, Jambiani. Mashimo mangapi ya kupima ardhi yanatosha?*

Matatu, na yasikae kwenye mstari mmoja. Mashimo mawili hayaonyeshi tabaka limeinamia upande gani. La tatu ndilo linaloonyesha. Yaweke kwenye pembe tatu za nyumba yenyewe, si za kiwanja: hapo yatapishana mita 10 na 12. Kama kuna nguzo iliyobeba mzigo kuliko zote, mfano ya ngazi au ya tangi la maji, sogeza shimo moja karibu nayo.

*Fundi anasema mita 3 zinatosha. Kweli?*

Mwulize kwanza msingi wenyewe ni wa aina gani. Mzigo wa kitako cha mraba, yaani zege pana linalokaa chini ya nguzo, hupungua hadi kama sehemu moja ya kumi unapofika chini mara mbili ya upana wake. Kitako cha mita 1.2 kikikaa mita 1 chini, basi ni 1 + 2.4, yaani mita 3.4. Mita 3 hazifiki hata hapo, na vitako vikikaribiana mizigo yao huchanganyika na kwenda chini zaidi. Sisi tungeandika mita 6. Lakini ukibadili mawazo ukamwaga zege moja chini ya nyumba nzima, upana unaohesabiwa ni mita 10, na kwa kanuni ya mara moja na nusu ya upana unatafuta mita 15. Amua msingi kabla ya kuita mashine.

*Tumegonga jiwe kwenye mita 1. Tusimame?*

Msisimame. Ardhi ya maweni ni jiwe la matumbawe, na maji ya mvua hulila kwa ndani, likabaki ganda gumu juu na pango chini. Endeleeni mpaka mpate mita 3 za jiwe zima mfululizo chini ya kitako. Kaa na mchorongaji: fimbo ikidondoka ghafla, au maji ya kupozea yakiacha kurudi juu, aandike kina hapo hapo, ilipoanza na ilipokoma. Tuseme imedondoka kutoka mita 2.1 hadi 2.7. Shimo hilo limekuonyesha kimo cha pango, sentimita 60, wala si upana wake. Kwa hiyo toboa mengine mita 2 kila upande mpaka ujue linaishia wapi. Pesa za shimo la nne ziwekwe mapema kwa kazi hii. Wengi huzitumia kwa matofali, halafu pango linapoonekana hawana la kufanya.

*Kiwanja changu kipo Chake Chake, kwenye mteremko.*

Shimo moja juu, moja chini, la tatu pembeni, na kina kihesabiwe kutoka usawa wa kitako, si kutoka juu ya nyasi. Ukikata mita 2 za mlima upate uwanja, shimo la juu la mita 6 linabaki na 4 tu.