Mashine ya kadi, QR au lipa namba: anza na swali la nani anaandika kiasi

Wiki hii dada mmoja anayeuza viatu ameniandikia. Benki inamshawishi achukue mashine ya kadi, jirani yake ana karatasi ya QR ukutani, na yeye mpaka sasa anapokea pesa kwa namba yake binafsi ya simu. Anauliza kipi bora. Nimejibu swali hili mara nyingi kwa mdomo, leo naliandika.

Kwanza, karatasi ya QR mara nyingi si njia ya tatu. Ile picha imebeba utambulisho wa akaunti yako ya biashara, na akaunti hiyo huweza kuwa ileile ya lipa namba. Mteja anaskani badala ya kubonyeza tarakimu, basi. Haibebi kiasi, mteja ndiye anayekiandika. Kwenye mashine ya kadi ni wewe unayeandika kiasi, yeye anathibitisha kwa namba ya siri au kwa kugusisha kadi. Tofauti hiyo nimeilipia. Foleni ikiwa ndefu, mteja wa QR akiandika 1,500 badala ya 15,000 simu yake itaandika "umelipa" vilevile, na wewe utaona alama ya tiki tu.

Kilichoniuma zaidi ni karatasi yenyewe. Siku moja mteja wangu wa siku nyingi alilipa, simu yangu ikakaa kimya. Akanionyesha meseji yake: kiasi sahihi, saa sahihi, jina la mpokeaji si langu. Nikaisogelea karatasi ukutani, nikapitisha ukucha pembeni. Ilikuwa na tabaka mbili. Mtu alikuwa amebandika stika yake juu ya yangu, imekatwa sawasawa, na pesa za asubuhi nzima zilikuwa zimeenda kwake. Bado nina hasira. Tangu hapo jina la biashara yangu limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya QR, naipapasa kila ninapofungua, na mteja asipolisoma jina hilo kwenye simu yake kabla ya kuweka namba ya siri, namwambia asitume.

Kwa hiyo ndugu zangu, sikilizeni: uthibitisho wa malipo ni ule uliofika kwako. Picha ya skrini ya mteja hutengenezwa. Meseji nayo hutengenezwa, ikaja kutoka namba ya mtu wa kawaida ikiwa na maneno yaleyale. Angalia salio au orodha ya miamala kwenye akaunti yako. Kama kuna msaidizi dukani, simu inayopokea meseji ikae dukani, isitembee na wewe.

Mashine ya kadi inakuepusha na mengi ya hayo, lakini ina gharama zake. Tuseme mkataba unasema kodi ya kukodi mashine ni 3,000 kwa mwezi na makato ya asilimia 2.5. Ukiuza kwa kadi 200,000 kwa mwezi, makato ni 5,000, ukijumlisha kodi ni 8,000. Hiyo ni asilimia 4 ya mauzo, siyo 2.5 uliyoambiwa. Ukiuza 1,000,000, jumla ni 28,000, yaani asilimia 2.8. Kodi humuumiza mwenye mauzo madogo. Weka tarakimu za mkataba wako, hesabu ni hiyohiyo. Kwa lipa namba usisahau makato ya kutoa pesa taslimu. Ukimlipa msambazaji moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, huenda ukaokoa hayo.

Halafu kuna muda. Pesa ya lipa namba kwa kawaida unaiona papo hapo. Ya kadi mara nyingi huingia benki siku ya kazi inayofuata au baadaye, na mauzo ya Ijumaa jioni yanaweza kusubiri hadi wiki ianze. Kama unanunua mzigo kila asubuhi kwa pesa ya jana, huko ndiko utakakokwama. Pia mwenye kadi anaweza kupinga malipo kwa benki yake, na kwa kadi za Visa na Mastercard madai mengi yana muda wa hadi siku 120. Tunza risiti zako. Zile za karatasi ya joto hufifia, zipige picha.

Dada yangu, kwako ningeanza na lipa namba ya biashara, siyo namba yako binafsi, pamoja na QR ya akaunti hiyohiyo. Kisha weka daftari. Kila mteja anayeuliza "mnapokea kadi?" na kuondoka bila kununua, andika alichotaka na bei yake. Mwezi ukiisha, jumlisha. Chukua faida ya mauzo hayo yaliyokupita, siyo bei nzima, uipime na kodi na makato ya mashine. Faida ikizidi, saini mkataba, ila kwanza uliza kwa maandishi kodi ya mwezi usiouza chochote kwa kadi ni kiasi gani, na kuvunja mkataba kunagharimu nini.