Programu jalizi ya Excel ikitoweka baada ya kuzima ghafla: majibu ya wiki hii

"Fundi, shikamoo. Excel ilijifunga yenyewe nikiandaa malipo ya wakulima. Nilipofungua tena, kichupo cha malipo hakipo. Nimefuta programu jalizi na kuisakinisha mara mbili, bado." (Karani wa AMCOS, Tandahimba)

Marahaba. Usisakinishe mara ya tatu. Excel ikishuku kwamba programu jalizi ndiyo iliyoiangusha, huiandika kwenye orodha ya waliofungiwa, na orodha hiyo imo kwenye mipangilio ya mtumiaji, si kwenye mafaili ya programu. Ukisakinisha upya, jina linabaki palepale.

Kwenye picha uliyotuma jina liko chini kabisa, sehemu ya Disabled Application Add-ins. Basi nenda File, Options, Add-ins. Chini, penye Manage, chagua Disabled Items, bonyeza Go, gusa jina, kisha Enable. Funga Excel zote, ufungue tena. Wengi huishia hapo na kulalamika kwamba haijarudi. Rudi pale pale penye Manage, safari hii chagua COM Add-ins, utie tiki kwenye kisanduku chake. Kufunguliwa kifungo ni jambo moja, kuwashwa ni jingine.

"Mimi Disabled Items ni tupu kabisa, lakini programu jalizi haiji. Nikitia tiki, nikifungua tena imetoka." (Mhasibu, Nachingwea)

Yako haikuiangusha Excel. Ilishindwa kupakiwa, na Excel ikaizima kimyakimya bila kuiweka kwenye orodha. Fungua COM Add-ins, gusa jina, usome mstari wa chini. Ukikuta "Not loaded. A runtime error occurred during the loading of the COM Add-in", ndiyo hiyo.

Habari hii huandikwa kwenye rejista ya Windows, kwa namba iitwayo LoadBehavior. Fungua dirisha la amri uandike:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Office\Excel\Addins" /s /v LoadBehavior
```

Namba 3 ina maana inapakiwa Excel inapofunguka na iko kazini. Namba 2 ina maana ilitakiwa kupakiwa, lakini sasa haipo. Wewe utakuta 0x2, yaani hiyo 2. Kutia tiki huirudisha 3, na ikishindwa tena Excel inaishusha 2. Ndiyo maana kuibadilisha kwa mkono kwenye regedit, kama mafundi wengi wa mjini wanavyofanya, hakuponyi kitu kama kosa lenyewe lipo.

Tafuta kosa. Kwa programu jalizi zilizotengenezwa kwa VSTO, yaani zana za Microsoft za kutengenezea programu jalizi za Office, funga Excel, andika amri hii, kisha fungua Excel upya:

```
setx VSTO_SUPPRESSDISPLAYALERTS 0
```

Sasa kosa litajitokeza kwenye skrini badala ya kufichwa. Mara nyingi utakuta faili la DLL limekosekana, au .NET inayohitajika haipo. Kama programu jalizi si ya VSTO, anza na jambo hili: ilitengenezwa kwa biti 32 na Office yako ni ya biti 64? File, Account, About Excel itakuambia Office yako ni ipi.

Kama jina halipo kabisa kwenye majibu ya amri ya kwanza, ilisakinishwa kwa watumiaji wote. Iko chini ya HKLM, sehemu ya rejista ya watumiaji wote, na hapo bila haki za msimamizi hubadilishi kitu. Mwite anayeshika nywila hiyo, usihangaike.

"Umeme ukikatika, nikiwasha tena Excel inauliza swali refu, nabonyeza Yes ili niendelee. Kuna ubaya?" (Mtwara mjini)

Upo, na swali hili nalipata kila msimu wa korosho. Soma kabla ya kubonyeza! Excel huweka alama kabla ya kupakia programu jalizi na kuifuta ikimaliza. Umeme ukikatika katikati, alama inabaki, na Excel inadhani programu jalizi ndiyo yenye kosa. Inakuuliza kama uizime, nawe unajibu ndiyo. Bonyeza No kama unajua ulikuwa umeme. Kama Excel inaanguka umeme ukiwepo, bonyeza Yes na umtafute aliyeitengeneza. Na ofisi inayolipa wakulima kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS inacheza na fedha za watu.

"Faili la xlam nililotumiwa WhatsApp nimelitia tiki, kichupo hakitokei." (Lindi)

Windows imelizuia: bofya kulia, Properties, tia tiki Unblock. Ila lifungue tu kama unamjua aliyelitengeneza, maana ndani yake mna makro.

"Kuna njia ya kuikataza Excel isiizime kamwe programu yetu?" (Masasi)

Ipo, inaitwa DoNotDisableAddinList, nayo sikuelekezi. Programu inayoiangusha Excel kila siku itawapotezea kazi ambayo haijahifadhiwa, nanyi mtakuwa mmeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiisimamisha. Pelekeni jina lake, toleo lake na picha ya kosa kwa aliyewauzia, airekebishe.